Msalimie Aliyekaa Kabla Hujashika Kiti

Chukua ofisi yoyote ya zamani pale Dodoma mjini. Mlangoni kuna ngazi moja tu, ya sentimita 15 hivi. Mama wa makamo anafika akijisukuma mwenyewe kwenye kiti mwendo, anasimama hatua chache kabla ya ngazi ili aitazame vizuri. Mlinzi wa getini, kijana mwenye nia njema kabisa, anamwona. Anatoka mbio, anazunguka nyuma ya kiti, anadaka mishikio miwili na kuanza kusukuma huku akisema, "Pole mama, ngoja nikusaidie." Magurudumu madogo ya mbele yanagonga ukingo wa ngazi. Kiti kinasimama ghafla lakini mwili wa mama hausimami. Unaendelea kwenda mbele, na kama misuli ya kiuno na tumbo lake haina nguvu, hakuna cha kumzuia asiangukie zege.

Matukio ya namna hii yakizungumzwa, lawama huenda kwenye ufundi: kijana hajui kusukuma, apewe mafunzo. Kwangu mimi kosa lilikwisha kufanyika kabla ya kusukuma. Hata angekuwa stadi, alisimama mahali ambapo hawezi kuona mambo matatu aliyopaswa kuyaona, yaani mikono ya mama, breki za kiti na miguu.

Mtu anayejisukuma hushika ringi, lile duara la chuma lililo ubavuni mwa gurudumu kubwa. Kiti kikisogezwa ghafla, kidole gumba kinaweza kuburutwa hadi kwenye mkono wa breki au kuingia kati ya spoku. Breki nazo, huenda mama alikwisha kuzifunga ili afungue mkoba na kutoa kitambulisho, na kukisukuma kwa nguvu kiti kilichofungwa breki ni kukitafutia kupinduka. Miguu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mguu mmoja unaweza kuwa umeteleza kutoka kwenye kikanyagio bila mwenyewe kujua, kwa sababu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hausikii kabisa. Kiti kikisukumwa, mguu huo utaburutwa chini yake, na kidonda atakigundua jioni anapovua kiatu.

Yote matatu yanaonekana kwa sekunde chache ukiwa umesimama mbele yake, pale pale ambapo mtu husimama anapomsalimia mwenzake. Ndiyo maana naiona salamu ya ana kwa ana kuwa hatua ya kwanza ya usaidizi wenyewe. Ukiiruka, utakuwa unasukuma kitu usichokijua.

Sasa tuje kwenye kimo. Macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye kiti mwendo cha kawaida huwa kama sentimita 115 kutoka ardhini. Ya mtu aliyesimama, tuseme sentimita 160. Tofauti ni 45. Ukisogea hadi nusu mita kutoka usoni pake, ili akutazame itabidi ainue macho na shingo kwa takriban nyuzi 42. Jaribu kukaa hivyo kwa dakika tano uone shingo itakavyokueleza. Lakini ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu, pembe hiyo inashuka hadi kama nyuzi 17, ambazo macho peke yake yanaweza kuzimaliza bila shingo kusumbuka. Kwa mtu ambaye shingo yake haigeuki vizuri, au ambaye akirudisha kichwa nyuma mwili mzima unapoteza mhimili, hatua moja ya kurudi nyuma ndiyo tofauti ya kuzungumza na kutozungumza.

Hapa natofautiana na wanaofundisha kwamba ukimwona mtu wa kiti mwendo, uchuchumae. Kuchuchumaa kuna mahali pake. Kwa salamu ya kupita njiani, pale Jamatini au kwenye korido za Soko la Majengo, ukimchuchumalia kila mtu utamzuia njia na kumfanya atazamwe na soko zima. Simama mbali kidogo, mtazame, salimia, pita. Mazungumzo yakizidi dakika moja, hapo tafuta kimo. Kilicho bora kuliko vyote ni kukaa: benchi, kigoda, kreti ya soda iliyogeuzwa, chochote kilichopo. Pasipo na cha kukalia ndipo uchuchumae, usawa wa magoti yake na pembeni kidogo. Ukisimama katikati kabisa unakuwa umemfungia njia ya kutokea. Na usijishikilie kwenye kiegemeo chake cha mkono ili usianguke. Kiti ni sehemu ya eneo la mwili wake. Ukikiegemea anasukwasukwa yeye, na kwenye viti vingi kiegemeo hicho hufunguka na kubaki mkononi mwako.

Umri nao una kauli. Katika mazingira yetu, kijana kupiga goti au kuinama kidogo mbele ya mama aliyemzidi umri ni heshima inayoeleweka bila maelezo. Mkurugenzi wa miaka hamsini na tano akichuchumaa mbele ya binti wa miaka ishirini katikati ya foleni, wote wawili wataona haya. Yeye na avute kiti. Kisichofaa kwa rika lolote ni ile ya kuinama kiuno, mikono juu ya magoti, uso ukiletwa karibu na sauti ikilainishwa. Hivyo ndivyo tunavyosema na mtoto wa miaka mitatu, na aliyekaa huutambua mkao huo kabla hujafungua kinywa.

Liko pia suala la jua, ambalo miongozo mingi haina habari nalo lakini Dodoma huwezi kulikwepa. Saa kumi alasiri, ukisimama jua likiwa mgongoni mwako, mwenzako aliyekaa anatazama moja kwa moja kwenye mwanga na uso wako kwake ni kivuli cheusi. Zunguka upande wa pili, jua likupige wewe. Upepo wa Julai na Agosti unaobeba vumbi unataka akili hiyohiyo: simama unakotoka upepo, umkinge. Ofisini kikwazo ni kaunta. Kaunta ya mapokezi yenye kimo cha sentimita 110 inafika karibu na macho yake, kwa hiyo karani aliyekaa nyuma yake hamwoni na yeye hamwoni karani. Karani na atoke, azunguke, aje upande wa mteja na karatasi zake na ubao wa kuandikia. Ni hatua sita au saba tu.

Salamu yenyewe ifuate utaratibu uleule wa siku zote. Anayemwamkia mwenzake shikamoo huamuliwa na umri. Kiti hakina kura. Akiwa amekuzidi, mwamkie. Akiwa mdogo kwako, mpe nafasi akuamkie, usimtangulie kwa huruma. Kwa wenyeji wa Kigogo "mbukwenyi" ya kawaida inatosha. Neno "pole" lisiwe la kwanza kutoka kinywani. Aliyetoka nyumbani kwake Chang'ombe kuja kulipia leseni ya biashara hajafiwa wala hajaungua. Ana haraka ya kulipa na kurudi dukani. Na kama ameambatana na mtu anayemsukuma, msalimie yeye aliyekaa kwanza ikiwa ndiye mwenye shughuli. Kumwuliza msindikizaji "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" huku mwenyewe akisikia ni kosa dogo kwa maneno, lakini shughuli yote itakayofuata itaongozwa nalo. Karani ataendelea kumkabidhi msindikizaji fomu, stakabadhi, hata chenji.

Kupeana mkono kunahitaji uangalifu mmoja ambao watu wachache wanaujua. Ukimkuta kwenye mteremko, usimnyooshee mkono. Pale mikono yake miwili ndiyo breki. Breki za kiti mwendo za kawaida ni za kuegeshea, hazikutengenezwa kupunguza mwendo. Akiachia ringi moja ili akupokee, upande ulioachiwa unazunguka na ule ulioshikwa hauzunguki, basi kiti kinageuka na kuanza kujipeleka bondeni. Watu wenye adabu zao huangushana kwa namna hii, kwa sababu kuukataa mkono ulionyooshwa ni vigumu kwetu. Salimia kwa mdomo, msubiri afike pa tambarare. Huko, mnyooshee mkono kama unavyomnyooshea yeyote. Akikupa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kipokee bila kushangaa. Ringi zake zimebeba vumbi jekundu la njia nzima, naye amefanya kile afanyacho mtu yeyote mwenye mkono mchafu. Akiwa na vidole visivyofunguka, pokea anachokupa, usikibane.

Baada ya salamu ndipo lije swali, na swali liwe moja. "Nikusaidie, mama, au uko sawa?" linatosha. Halafu nyamaza. Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda watu wengi. Tunauliza huku mkono umeshafika kwenye mshikio, na hapo hatujauliza kitu, tumetoa taarifa. Weka mikono yako mahali anapoiona, bado uko mbele yake, umpe muda. Wakati huo wewe unadhani hakuna kinachoendelea, kumbe yeye anapima: ngazi ina kimo gani, ardhi ya mbele yake ni ya mchanga au ngumu, wewe una nguvu kiasi gani, viatu ulivyovaa vitateleza au la, mkoba uliotundikwa nyuma ya kiti una uzito gani. Huenda pia anajua kuna mlango wa nyuma usio na ngazi kabisa. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuhitaji sekunde kumi au zaidi kuitoa sentensi moja. Usiimalizie kwa niaba yake. Usipoelewa, mwambie hukuelewa arudie; kuitikia "ndiyo ndiyo" kisha kukisia ni njia ya haraka ya kumpeleka asikotaka.

Jibu likiwa "hapana, asante", tunaingia kwenye mtego wa ukarimu wetu wenyewe. Mgeni akikataa chakula mara ya kwanza, mwenyeji humkaribisha tena, na tena, kwa kuwa kataa ya kwanza ni ya adabu tu. Kanuni hiyo ni nzuri mezani. Ukiihamishia kwenye kiti mwendo inaleta balaa, maana aliyekataa anaweza kuwa tayari ameanza mbinu yake. Wapo wanaoinua magurudumu ya mbele wenyewe, wakajitupa mbele na kuivuka ngazi ndogo kwa mkupuo mmoja. Katika nusu sekunde ile amesimama kwenye magurudumu mawili ya nyuma, ukimgusa mshikio unamvuruga mizani anaanguka chali. Kwa hiyo kataa ya kwanza ichukuliwe kuwa ndiyo ya mwisho. Ukiona ni kavu mno, sema "Haya mama, nipo hapa hapa," kisha usogee pembeni kweli, usibaki umemkodolea macho. Mwulize tena pale tu hali inapobadilika: amejaribu ikashindikana, mvua imeanza, au amekugeukia na kukutazama.

Jibu likiwa "ndiyo", swali la pili ni "Tufanyeje?" Kwa mama wetu wa ngazi ya sentimita 15, maelekezo yake huenda yakawa hivi. Kwanza utoe mkoba nyuma ya kiti umpe apakate, kwa sababu unavuta uzito nyuma. Ujaribu mishikio kama imekaza, maana vifuniko vya mpira vilivyochakaa huchomoka ukivuta. Msogee mpaka magurudumu madogo yakaribie ngazi. Yeye anakaa nyuma kabisa kitini na kuhakikisha miguu iko kwenye vikanyagio. Wewe unamwambia "nainua" na kusubiri aitikie. Unakanyaga kichuma kinachotokeza chini nyuma ya kiti huku ukivuta mishikio chini, kiti kinalala nyuma kidogo, magurudumu madogo yanapanda hewani. Unasogea mbele hadi yapite ukingo, unayashusha taratibu juu ya ngazi. Unaendelea hadi magurudumu makubwa yaguse ukuta wa ngazi, yote mawili kwa pamoja. Hapo ndipo kazi ilipo: kwa hesabu ya "moja, mbili, tatu" wewe unasukuma na kuinua kwa miguu, mgongo ukiwa wima, naye anavuta ringi mbele. Mama wa kilo 65 kwenye kiti cha kilo 18 ni kilo 83. Hubebi zote, kwa sababu magurudumu yanaviringika juu ya ukingo, lakini ukivuta kwa kushtukiza kiuno chako kitalipa. Kushuka ni kinyume: kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, wewe ukiwa chini unayazuia yasidondoke.

Angeweza pia kukuagiza tofauti kabisa. Wapo wanaotaka wapandishwe kinyumenyume, na mwenye kiti cha magurudumu matatu cha njia mbovu, ambacho gurudumu lake la mbele liko mbali na ni kubwa, atakwambia tu usukume. Mwenye baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono ana onyo jingine: ikiwa pedali zake zinazunguka pamoja na gurudumu, ukimsukuma ghafla zinampiga mikono au kifua. Hakuna utaratibu mmoja wa kuukariri. Ndiyo sababu tunauliza.

Nje ya lami mambo yanabadilika tena. Mchanga wa makorongo yetu humeza magurudumu madogo ya mbele, na anayesukuma kwa nguvu zaidi ndiye anayeyazamisha. Ataomba umgeuze umvute kinyumenyume, au umlaze kidogo nyuma ili magurudumu ya mbele yaelee. Usimchagulie njia ya mkato pia. Kiwanja kinachoonekana tambarare Nkuhungu au Ipagala kinaweza kuwa kimejaa mbigiri, na mbigiri mbili zinatosha kutoboa tairi ya upepo. Anayezunguka mita mia mbili kufuata lami anajua anachokikwepa. Kumpeleka njia fupi ni kumpeleka kwa fundi wa pancha.

Iko dharura ambayo haingoji jibu. Kiti kinajipeleka barabarani, moto umewaka, gari linarudi nyuma: shika kwanza, sema huku unashika, eleza baadaye. Nje ya hapo, sioni hali ambayo sekunde kumi za kusubiri zimemdhuru mtu.

Jambo moja linanikera katika hadithi hizi za walinzi wema. Wema wao umekuwa kisingizio. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, lakini kwenye majengo mengi njia ya mteremko haipo kwa kuwa "vijana watambeba". Hesabu yake si ya kutisha. Kwa kipimo kinachotumika sana cha moja kwa kumi na mbili, ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa urefu wa sentimita 180, yaani mifuko michache ya saruji, kokoto na siku moja ya fundi mwashi. Ngazi tatu za kimo hicho zinahitaji mita 5.4, na hapo ndipo utamkuta mtu amejenga mita mbili, akaupaka rangi na kuuita mteremko. Mteremko mkali namna hiyo ni wa hatari kuliko ngazi, kwa sababu ngazi angalau inamlazimisha mtu kuomba msaada. Mlinzi akiuliza na kusubiri, majibu atakayoyasikia kila siku mlangoni ni taarifa ambayo meneja wake hana. Aipeleke.

Na kazi ikiisha, usiachie tu na kuondoka. Mwulize anataka aelekee wapi, maana ukimwacha uso ukutani atalazimika kugeuza kiti chote mahali pembamba. Hakikisha pa kumwachia ni tambarare. Mrudishie mkoba wake pale alipokuwa ameutundika. Mwambie "naachia", ungoje mikono yake ifike kwenye ringi au afunge breki, ndipo utoe ya kwako kwenye mishikio.